TAHADHARI: Soksi ya kiwiko yenye sumaku, stendi ya Kisumu

Ndugu zangu wa Kisumu na viunga vyake, kuna jamaa anazunguka stendini na spika akiuza soksi ya kiwiko yenye sumaku, shilingi 2,500. Anadai inaondoa ganzi ya vidole kwa "kufungua damu". Msinunue. Niliivaa siku tisa na mkono ukazidi kuharibika.

Mimi ni wakala wa M-Pesa Kondele. Kutwa kiwiko cha kushoto kiko juu ya kaunta, simu sikioni. Kidole cha mwisho kikaanza kufa ganzi, pamoja na nusu ya kidole cha pete, ile inayotazama kidole cha mwisho. Usiku nilikuwa naamka nikiukung'uta mkono. Jamaa alinibonyeza kiganja tu, akasema damu haifiki, nivae soksi hata nikilala, tena ibane sawasawa.

Huko kubana ndiko kulikoniponza. Mtaalamu wa viungo hospitalini aliuliza kwanza ni vidole vipi hasa, kisha akagonga taratibu nyuma ya mfupa wa ndani wa kiwiko. Shoti ikashuka mpaka kidole cha mwisho. Hapo inapita neva ya alna, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo ile ukijigonga unahisi umeme. Ukiegemea kiwiko unaikandamiza, na ukikikunja muda mrefu inavutika huku njia yake ikizidi kuwa nyembamba. Soksi ilikuwa inaongeza mbano palepale. Damu haikuwa na shida yoyote, mkono ulikuwa na joto na rangi yake. Na kama ganzi yako iko kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, mara nyingi neva iliyobanwa ni nyingine, kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo soksi ya kiwiko haihusiki hata kidogo.

Kilichonisaidia hakikuuzwa. Niliacha kuegemea kaunta, simu nikaanza kuipokea kwa spika, na usiku nikazungushia kiwiko taulo, nikalifunga kwa bandeji iliyolegea, ili kisikunjike nikilala. Baada ya wiki mbili niliacha kuamka usiku. Ganzi ya mchana ilichukua kama wiki nane kuisha.

Lakini taulo halitoshi kwa kila mtu. Bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mwenzako aivute. Gumba likilazimika kujikunja kwenye kiungo cha juu ndipo ushikilie, misuli inaweza kuwa imeanza kudhoofika. Ukiona hivyo, au ganzi haiachii kabisa, au nyama kati ya vidole hivyo viwili imebonyea, nenda hospitali mapema. Wengine huhitaji upasuaji wa kuifungulia neva nafasi, na nyama iliyokwisha kukonda huenda isirudi.

Nilipodai pesa zangu, jamaa alizima simu. Wiki jana ameonekana Luanda, soksi ni ileile, bei sasa 3,000.