Nilimlipa mtu aniandikie ujumbe wa sauti na stetasi za ofa ya Krismasi: uzoefu wangu

Mimi ni fundi cherehani, nipo Mbagala Rangi Tatu, nashona zaidi nguo za kike na sare za familia. Kuelekea Krismasi ya 2025 nilimlipa kijana mmoja anayeandikia watu matangazo ya WhatsApp. Bei yake ilikuwa 15,000, na kwa hiyo hela unapata maneno ya ujumbe mmoja wa sauti usiozidi nusu dakika, stetasi tatu, na majibu mawili matatu ya kuwajibu wanaouliza. Kurekodi unarekodi mwenyewe. Mafundi wenzangu wameniuliza kama inalipa, ndiyo maana naandika.

Rasimu ya kwanza ilikuja siku hiyohiyo, na niliirudisha. Ilianza hivi: "Ofaa, ofaa, ofaa! Msimu wa sikukuu umewadia! Mpenzi mteja, fundi wako namba moja anakuletea punguzo kabambe la asilimia 20!" Ukiisoma kwa sauti unajikuta unanadi kama yule wa spika nje ya duka la simu. Halafu hilo neno "mpenzi" nilimwambia alitoe kabisa. Nina wateja wanaume, na simu zao wakati mwingine wanashika wake zao.

Lakini tatizo kubwa halikuwa maneno, lilikuwa ofa yenyewe. Kijana alichukulia kwamba shida ya fundi Desemba ni kukosa wateja. Nani kamwambia? Desemba wateja wapo, tena wanagombana kwenye benchi. Shida ni kwamba wote wanaleta kitambaa tarehe 18 na wote wanataka nguo tarehe 24 jioni, na umeme nao una siku zake. Nikitangaza punguzo bila kuweka tarehe, nimejiongezea msongamano na nimejipunguzia hela kwa wakati mmoja.

Nikampigia hesabu. Gauni lenye bitana nashona kwa 25,000 kwa kitambaa cha mteja. Ukitoa zipu, bitana, uzi, umeme na hela ya kijana anayenisaidia, inaondoka kama 8,000, nabaki na 17,000. Asilimia 20 ya bei ni 5,000, ila ile 5,000 haitoki kwenye zipu, inatoka kwenye 17,000 yangu. Nabaki na 12,000, maana yake nimetoa karibu theluthi ya faida kwa mtu ambaye angekuja hata hivyo.

Hapa ndipo alinifurahisha, kwa sababu hakubisha. Aliniuliza swali moja: "Dada, kuna kitu gani ambacho kwako ni rahisi lakini mteja atakiona kikubwa?" Nikafikiria, nikamwambia mabaki. Ukishakata gauni la mtu mzima, kwenye kona za mikono na shingo hubaki vipande ambavyo wengi hawavifuatilii. Kipande cha hivyo kinatosha tai ya kipepeo ya mtoto wa kiume au bendi ya kichwa ya mtoto wa kike, na kijana wangu anaimaliza wakati mimi nabadilisha uzi. Mama akimwona mwanawe kanisani ana tai ya kitambaa kilekile cha gauni lake, hiyo kwake ni sare kamili. Basi ofa ikawa hiyo, kwa wanaowahi tu.

Maneno ya sauti yaliyotoka mara ya pili ni haya, na ndiyo niliyorekodi:

"Habari za leo ndugu yangu, ni mimi fundi wako wa Mbagala Rangi Tatu. Vitambaa vya Krismasi napokea mwisho Jumatano, tarehe kumi Desemba. Ukileta kabla haijapita, mtoto wako mmoja namshonea tai au bendi ya kichwa kwa kitambaa hichohicho, bure. Unatanguliza nusu ya pesa, nguo unachukua Jumamosi tarehe ishirini. Niandikie neno NAFASI, nikupangie siku ya kuja kupima. Karibu sana."

Angalia jinsi siku ilivyotajwa. Mimi nilitaka kusema "mwisho Jumatano ijayo", akakataa. Sauti ikishatumwa haina mwenyewe: mama mmoja ataipeleka kwenye grupu la kwaya, mwingine ataichukua huko aipeleke kwa wifi yake, na "Jumatano ijayo" inakuwa Jumatano yoyote ile. Ukitaja siku pamoja na tarehe, hata anayeisikia kwa kuchelewa anajua imepita. Na kweli nilipata ujumbe wa NAFASI baada ya tarehe kumi, lakini wengi wao walianza na "najua nimechelewa, ila..." Huyo unazungumza naye vizuri. Anayedhani hajachelewa ndiye anayekuja kukufokea.

Neno NAFASI nalo nililidharau mwanzoni, nikaona ni mbwembwe. Kazi yake ni kumwondolea mteja shida ya kutunga sentensi, na kukuondolea wewe salamu ndefu kabla hujajua anataka nini. Ukiliona tu unajibu na siku ya kupima. Jioni unaandika NAFASI kwenye sehemu ya kutafuta, wote wanajipanga mbele yako, hakuna aliyesahaulika.

Kurekodi kulinisumbua kidogo. Ukiwa mbele ya feni, sauti inavuma. Kijana akisukuma ovaloki, huambulii neno. Kilichosaidia ni kuingia kule nyuma ninakotundika nguo zilizokamilika na kusimama katikati yake. Vitambaa vinameza mwangwi, sauti inatoka ya karibu na iliyotulia, utadhani uko studio. Simu niliishika mbali na mdomo kama shubiri moja. Cherehani ya kawaida ikisikika kwa mbali, mimi naona iachwe, inaonyesha kazi inaendelea.

Kuhusu stetasi, ya kwanza ilikuwa picha ya kitenge juu ya meza ya kukatia, mistari ya chaki inaonekana, na maandishi mafupi: "Kitambaa cha Krismasi: mwisho Jumatano 10 Desemba. Ukiwahi, tai au bendi ya mtoto bure. Rangi Tatu. Andika NAFASI." Ni yaleyale ya kwenye sauti, na sababu ipo: wengi wanafungua stetasi wakiwa kwenye daladala au kazini, sauti hawawezi kuifungulia. Ya pili ndiyo iliyoleta watu wapya. Ni video ya sekunde kama kumi, nimelipindua gauni ndani nje, napitisha kidole kwenye bitana na kwenye pindo, na chini pameandikwa: "Ndani kama nje. Gauni lenye bitana 25,000, kitambaa chako." Kila fundi anapiga picha mteja amesimama anatabasamu, ndani hawaonyeshi. Mwanamke aliyewahi kuvaa nguo yenye nyuzi zinazoning'inia na mishono inayomwasha kwapani anaelewa nini anaonyeshwa hapo bila kuambiwa.

Ya tatu ilikuwa ya nafasi zilizobaki, "Zimebaki 6", unapunguza kila anapolipa mtu kianzio. Hii ina masharti. Namba lazima iwe ya kweli, na anayehesabiwa ni aliyelipa, siyo aliyesema "nakuja kesho". Siku moja mteja aliona 6 asubuhi na jioni akaja mwenyewe kuhesabu majina kwenye daftari langu la vipimo. Akakuta sawa, akalipa palepale.

Sasa mapungufu. Kijana hakunieleza kabla kwamba stetasi yako inaonekana kwa mtu ambaye wewe umehifadhi namba yake na yeye amehifadhi yako. Vilevile ile orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, kila mtu akaupokea kivyake, inabeba watu 256, lakini anayepata ni aliyekuhifadhi tu. Nina daftari lililojaa namba za wateja, nikatuma, nusu hawakupata kitu na mimi nasubiri majibu. Tangazo zuri kiasi gani halisaidii hapo. Siku hizi nikishampima mtu namwambia atoe simu, anihifadhi mbele yangu, ndiyo namwandikia risiti.

Jingine, majibu aliyoniandikia yalikuwa ya mtu asiyewahi kukaa na mteja wa Kiswahili. Yalikuwa na adabu sana lakini hayakuwa na jibu la "mwisho ngapi?", na hilo ndilo swali la pili la kila mtu. Nikamwambia aongeze, akaandika vizuri: "Bei ni 25,000 dada yangu, zipu na bitana vyangu. Bei haishuki, ila ukileta kabla tarehe 10 haijapita mtoto anapata tai yake bure." Limenifaa sana, maana linakataa na kutoa kwa mpigo mmoja. Kwa mtu mzima nabadilisha, naweka "mama" au "shangazi". Hakufikiria pia wale wanaotuma picha ya mshono wa mtandaoni na kusema "nikadirie tu, mwili wangu unaujua". Simkadirii mtu nguo ya sikukuu, miili inabadilika. Hapo nilijiandikia mwenyewe.

Na msidanganywe na idadi ya walioangalia. Pale penye alama ya jicho utaona watu wengi, na wengi wao ni mafundi wenzako wanachungulia bei. Njia yangu ya kupima ni kwenye daftari: pembeni ya jina naandika S aliyekuja kwa sauti, T wa stetasi, na M aliyeletwa na mtu. Mwisho wa msimu M ndio walikuwa wengi, kama miaka yote. Lakini wengi wa hao M walikuwa wameletwa na sauti iliyopita kwenye grupu za kwaya na vikoba, kwa hiyo siwezi kuitoa kwenye hesabu.

Faida niliyoiona kwa macho ni kwamba vitambaa vingi vilifika kabla ya tarehe kumi, na wiki ya Krismasi nilikuwa narekebisha viuno na kupiga pasi badala ya kukata vitambaa vipya usiku. Kwa 15,000 sioni kama nimeibiwa. Ila kama wewe huna tarehe ya mwisho unayoweza kuisimamia, usinunue. Atakuja dada wa mume wako tarehe 22 na kitambaa, na maneno ya sauti hayatakusaidia.

Kwa Idi el-Fitri nimemwagiza upya, na hapo hatuwezi kubadilisha tarehe tu. Siku ya Idi inasubiri mwezi uandame, kwa hiyo huwezi kuahidi "siku mbili kabla ya Idi". Tumekubaliana tuhesabu kwa mfungo: kitambaa cha kanzu na magauni mwisho mfungo 12, kuchukua kuanzia mfungo 24. Na neno "bure" safari hii linahamia kwenye kofia ya mtoto.