Chumba cha jenereta nilichojengewa: bado sijajua nimpe huyu injinia nyota ngapi

Nianze na daktari wa meno wa ghorofa ya pili, maana yeye ndiye aliyenipigia simu kwanza. Umeme umekatika, mgonjwa yuko kitini mdomo wazi, jenereta ikapokea kama kawaida. Baada ya dakika 40 hivi ikazima. Tukaiacha ipoe, tukaiwasha, ikaenda nusu saa, ikazima tena. Kwenye skrini imeandika HIGH COOLANT TEMPERATURE, yaani maji ya injini yamepata moto kupita kiasi.

Nasimamia jengo la biashara la ghorofa tano hapa Kariakoo. Jenereta ni ya kVA 200, mpya, haikuwa na tatizo lolote. Ninayemlalamikia ni mtu aliyetuchorea na kutujengea chumba chake, huko nyuma uani. Simtaji jina. Ilikuwa kwenye miezi ile ya joto, baada tu ya mwaka mpya.

Nikampigia. Akaja na miwani yake ya jua, akatazama luva, lile tundu la ukutani lenye mabamba la kuingizia hewa, akaniambia: "Mama, hewa inatosha, nimepiga hesabu. Haya mambo tuachie wenyewe." Mbele ya mlinzi. Miaka tisa naendesha jengo hili, napokea dizeli usiku wa manane, halafu niambiwe niwaachie wenyewe.

Basi nikamwomba anionyeshe hiyo hesabu. Nayo kweli ilikuwepo, tena safi, ila ilikuwa ya hewa inayochomwa na injini peke yake. Injini ya ukubwa huu ikibeba mzigo wote huvuta kama mita za ujazo 13 za hewa kwa dakika. Hiyo ndiyo aliyoiwekea luva. Feni ya rejeta, inayopuliza hewa kupitia rejeta ili maji ya injini yapoe, yenyewe inataka zaidi ya mita za ujazo 250 kwa dakika. Karibu mara ishirini! Ni kama kupikia wageni wa harusi kwa sufuria ya chai.

Siku iliyofuata alikuja fundi mzee wa wale waliotuuzia jenereta. Huyu hakuwa na maneno mengi. Jenereta ikiwa inanguruma, aliniambia, "Dada, hebu fungua mlango." Nikavuta kitasa, mlango umegoma, kana kwamba kuna mtu ameushikilia kwa ndani. Akacheka. Feni inasukuma nje hewa nyingi kuliko inayoingia, kwa hiyo chumba kinanyonya mlango. Kisha akachana kipande cha tishu, akanipa nikishike ubavuni mwa rejeta, kwenye ile nafasi kati yake na ukuta wa kutolea hewa. Nilitegemea kipeperuke kuelekea nje. Kikapepea kuelekea ndani, usoni kwangu, na hewa yenyewe ya moto kama umefunua chungu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Rejeta ilikuwa imeachwa kama sentimita 60 kutoka ukutani, bila njia ya bati ya kuiunganisha na luva ya kutokea. Hewa ikishatoka moto, sehemu inagonga ukuta, inazunguka pembeni na kurudi kwenye feni ileile. Ile iliyofanikiwa kutoka nayo haiendi mbali, kwa sababu luva ya kuingizia iko ukuta huohuo, hatua moja pembeni, inaivuta tena. Nje kulikuwa na nyuzi 32. Kipimajoto cha fundi, kikiwa pale feni inapovutia hewa, kilisoma 54. Rejeta gani itapoza maji kwa hewa ya namna hiyo? Na chujio la hewa la injini nalo liko humohumo, linavuta moto huo huo, ndiyo maana moshi ulikuwa unatoka mweusi.

Fundi akapima kwa tepu. Uso wa rejeta ni kama mita ya mraba 1.1. Nafasi ya kuingizia hewa inatakiwa iwe kama mara moja na nusu ya hapo, yaani 1.65. Lakini mabamba ya luva huziba karibu nusu ya tundu, kwa hiyo tundu la ukutani lazima liwe maradufu: 3.3. Letu lilikuwa 1.2 tu. Mimi sikusoma uinjinia, na hesabu hii niliifuata kidole kwa kidole nyuma ya risiti ya dizeli.

Sasa haki ya mtu. Bomba la moshi alilifanya vizuri sana, sitaki kudanganya. Kipande cha kunyumbulika kipo pale linapoanzia kwenye injini, ili mtikisiko usilipasue. Uzito wote umening'inizwa darini, haujakalia injini. Limepanda hadi juu ya paa, mbali na madirisha ya wapangaji, na pale chini kuna koki ya kutolea maji yanayojikusanya ndani ya bomba, yasirudi kwenye injini. Alichosahau ni kuvika sailensa sufi ya kuzuia joto. Ilikuwa uchi ndani ya chumba, inazidisha tanuri.

Na tena alirudi. Sikumtegemea. Alipooneshwa ile tishu alinyamaza, miwani akaivua. Wiki ile ile akaleta bati kwa pesa yake, akatengeneza njia ya mraba kutoka rejeta hadi luva, na kola ya turubai katikati ili mtikisiko usihamie ukutani. Mwenye jengo akalipia kuvunja ukuta wa upande wa pili, nyuma ya jenereta, tundu la mita 2.2 kwa 1.5, na lile la zamani likazibwa. Hewa sasa inaingia nyuma, inapita juu ya mashine yote, inatokea mbele. Tumeiendesha saa nne mfululizo mchana wa jua: pale feni inapovutia hewa nyuzi 38, maji ya injini hayakuvuka 90, na mlango naufungua kwa vidole viwili. Nilishaanza kuandika nyota nne.

Halafu dizeli. Tangi kubwa limefukiwa uani, na pampu inapandisha kwenye tangi dogo la lita 500 lililomo chumbani. Asubuhi moja mlinzi ananiita, harufu imejaa hadi dukani kwa muuza vitenge. Boya limenasa, pampu haikujua kama tangi limejaa, ikaendelea kusukuma. Hakuna boya la pili la juu la kuikata pampu na kupiga kengele. Hakuna bomba la kurudishia ziada kwenye tangi kubwa, wakati tangi dogo liko juu na ingeshuka yenyewe bila pampu. Kizingiti cha tofali kilichozunguka tangi kipo, na kinatosha kubeba lita zote 500 na zaidi. Ila chini amekiwekea tundu la kutolea maji, wazi, linaloelekea mtaro wa mvua! Kizingiti cha kazi gani sasa?

Nikampigia. Safari hii hakusema "Mama, tuachie." Alisema, "Hilo nilidhani mtaweka koki wenyewe."

Kwa hiyo nyota mbili. Bomba la moshi lingepata tano peke yake, na bati lile la bure nalikumbuka, lakini mtaro mpaka leo unanuka dizeli na malipo yake ya mwisho bado yako kwenye droo yangu. Juzi ameniomba alete mteja mwingine aone chumba kama mfano wa kazi yake. Nimemwambia amlete, na aje na tishu.