Tahadhari: hedifoni za "50 mm, 40 kHz, 120 dB" zinazouzwa mtandaoni hapa Dar

Wadau, nimepigwa elfu tisini na tano na aliyenipiga bado yuko kazini. Jina la ukurasa wake silitaji, maana analibadilisha kila akichafuka. Nitawaonyesha tangazo lake lilivyo na mahali uongo ulipokaa, ili mkiliona kwa jina lingine mlitambue.

Mimi nahariri sauti za harusi na kaswida, nyumbani Tabata. Nilitaka hedifoni isiyo na waya ya kusikilizia kazi nikiwa kwenye daladala, isiwe ya bei mbaya. Nikakutana na tangazo la jamaa anayejitambulisha kuwa yuko Kariakoo, "mzigo mpya umeshuka, Dar nzima tunaleta mlangoni". Chini ya picha aliweka haya:

```
Driver: 50 mm
Frequency response: 10 Hz - 40 kHz
Sensitivity: 120 dB
```

Na maneno: "Hizi namba hata Sony hawana, kaka." Mimi mtu wa sauti, nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Nikatuma hela kwa simu, boda akaleta jioni. Sharti lake: ukishafungua boksi, hakuna kurudisha.

Nilipolifungua nikakuta karatasi ndogo ya maelezo imekunjwa mara nne. Pale hapakuwa na 10 Hz wala 40 kHz. Paliandikwa 20 Hz hadi 20 kHz, na kwenye unyeti paliandikwa -42 dB. Draiva haikutajwa kabisa. Yaani hata kiwanda chenyewe hakikuthubutu kusema aliyoyasema muuzaji. Nikamtumia picha ya karatasi. Akajibu: "Boss wangu hiyo ni karatasi ya zamani, ya ndani ni ileile kubwa." Haya, tukaifungua hiyo ya ndani.

Kwa wasiojua, draiva ni ile spika ndogo iliyo ndani ya kikombe cha sikio. Sponji nyingi zimebanwa tu pembeni. Ukizivuta taratibu kuzunguka ukingo zinatoka. Chini yake pana kitambaa chembamba, halafu sahani ya plastiki yenye matundu na skrubu nne ndogo. Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Ile sahani ya matundu ina upana wa karibu milimita 50, na nadhani ndiyo aliyoipima kama aliwahi kupima kitu. Nilipotoa skrubu na kuigeuza, draiva yenyewe, kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine, ilikuwa milimita 40 kwenye rula ya mtoto wangu wa darasa la tatu. (Msifungue kama bado mna tumaini la kurudishiwa hela. Mimi langu lilishakufa.)

Hata hivyo milimita 40 si aibu. Sony aliyemtaja, ile WH-1000XM4 ina draiva ya milimita 40, na WH-1000XM5 iliyokuja baadaye kwa bei kubwa zaidi ina ya milimita 30. Ndiyo, wamepunguza. Ukubwa una maana yake: utando mpana unasukuma hewa nyingi bila kwenda mbali, na hiyo husaidia besi. Lakini hedifoni haijazi ukumbi. Inajaza kihewa kidogo kati ya utando na sikio lako, na kama sponji imeziba vizuri, utando mdogo unatosha. Ubora unatoka kwenye ugumu na wepesi wa utando, umbo la kikombe, na namna ilivyorekebishwa sauti kiwandani. Kwa hiyo kosa la huyu bwana si kuuza draiva ya 40. Kosa ni kusema 50 ili alipishe zaidi.

Sasa 40 kHz, ambayo ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa sababu ningeweza kuikamata bila hata kununua.

Sikio la binadamu kijana na mzima linafika kama 20 kHz, na umri ukisogea dari hilo linashuka. Lakini tuseme unataka hiyo 40 hata kama husikii. Sauti ya kidijitali hukatwa vipande kwa sekunde, na ili wimbi lolote libebwe linahitaji angalau vipande viwili kwa kila mzunguko wake. Ukiwa na vipande 44,100 kwa sekunde, dari lako ni 22,050 Hz. Ukiwa na 48,000, dari ni 24,000. Bluetooth haipeleki sauti mbichi, inaifunga kwanza kwa kodeki, na kodeki ya kawaida kabisa, SBC, inaishia kwenye vipande 48,000. Kwa njia hiyo 40 kHz haiwezi kufika sikioni, hata draiva ingekuwa ya dhahabu. Haikupandishwa kwenye gari, itashukaje kituoni?

Wenye namba za kweli hutenganisha. Maelezo ya ile XM4 yanasema ukitumia waya ni 4 Hz hadi 40 kHz. Ukitumia Bluetooth ya vipande 44,100 ni 20 Hz hadi 20 kHz. Na 40 kHz bila waya inapatikana tu kwa kodeki ya LDAC ikiwa kwenye vipande 96,000. Ukiona tangazo la hedifoni isiyo na waya linadai 40 kHz na halitaji kodeki, uliza papo hapo.

Na ukishaipata mkononi unaweza kuhakiki. Kwenye simu ya Android, nenda kwenye taarifa za simu, gusa "Build number" mara saba, kisha ingia "Developer options" utafute "Bluetooth audio codec" huku hedifoni imeunganishwa na muziki unapiga. Yangu iliandika SBC, na LDAC haikukubali hata nilipoichagua mwenyewe; ilirudi SBC. Hakikisha simu yenyewe ina LDAC kabla hujamlaumu mtu. iPhone haina LDAC, na menyu hii haimo.

Upande wa chini, 10 Hz, uongo wake ni wa kistaarabu zaidi. Mwitikio wa masafa ukiandikwa namba mbili tupu unakwambia kifaa kinaanzia wapi na kinaishia wapi, lakini haukwambii kwa nguvu gani. Spika yoyote ukiisukuma kwa 10 Hz itatikisika kidogo. Ikiwa kule sauti imeshuka desibeli 30 chini ya sauti ya katikati, hakuna atakayeisikia, lakini muuzaji anaweza kuapa kwamba ipo. Kinachotoa maana ni ile ± mwishoni, mfano 20 Hz hadi 20 kHz, ±3 dB, yaani ndani ya eneo hilo sauti haipandi wala kushuka zaidi ya desibeli tatu. Bila hiyo, mstari mzima ni pambo.

Nilijaribu nyumbani kwa programu ya kutoa mlio wa masafa. Niliweka 200 Hz kwa sauti ya kawaida, nikashuka polepole bila kugusa volyumu. Kwenye 120 sauti ikavimba, kwenye 60 ikanywea, kwenye 40 nikabaki nasikia feni ya chumbani. Sikio lenyewe ni zito chini kule, ndiyo maana nilirudia kwa hedifoni yangu ya zamani ya waya: ile kwenye 40 bado ilinguruma vizuri. Angalieni pia miwani na rasta, vikiinua sponji besi inavuja na utailaumu hedifoni bure. Hicho kivimbe cha 120 ndicho kinachowadanganya watu dukani. Anakupigia singeli, ngoma inadunda puu puu, unasema besi hii hapa. Ile ya chini kabisa haipo. Umepewa kishindo cha juu yake.

Unyeti, 120 dB. Swali la kwanza ni desibeli 120 kwa umeme kiasi gani? Kipimo hiki kinasema hedifoni inatoa kelele kiasi gani ikipewa umeme fulani, na umeme huo huwa ama miliwati moja au volti moja. Kwa hedifoni ya omu 32, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni desibeli 15. Maana yake hedifoni ileile inaweza kuandikwa 105 kwa miliwati au 120 kwa volti, bila kubadilishwa hata waya mmoja. Anayeacha kutaja kipimo amejichagulia namba kubwa, au ameibuni.

Na kwenye isiyo na waya namba hii ina kazi ndogo sana. Kuna amplifaya ndani ya kikombe, kiwanda ndicho kilichopanga iishie wapi. Unyeti unakuhusu siku utakapochomeka waya wa 3.5 mm. Yangu inayodaiwa 120, volyumu ikiwa mwisho, ilizidiwa sauti na ya zamani.

Ile -42 ya kwenye karatasi je? Hiyo ni ya maiki, ya kuongelea simu. Maiki hutoa umeme mdogo kuliko volti moja inayopimiwa, ndiyo maana namba yake ni hasi. Ukikuta unyeti wenye alama ya kutoa, haukwambii lolote kuhusu sauti unayosikia. Nilipomwuliza, muuzaji alisema ni "volyumu ya chini kabisa". Hapo nikajua hata hajui anachouza, anakopi tu.

Nikaomba nirudishe, hata kwa hasara ya elfu ishirini. Akanitumia sauti: "Kaka, wewe umeshaifungua, umeichokonoa, mimi nitamuuzia nani?" Kuhusu kuchokonoa ana haki, sikatai. Kuhusu namba alinyamaza, kisha akanifungia.

Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia tangazo akiuliza kama anunue, bei sasa elfu themanini. Ukurasa una jina jipya, namba ya simu mpya. Lakini picha ni ileile: hedifoni nyeusi juu ya kitambaa cha kitenge chekundu, na kidole gumba chenye pete ya fedha kimeshika ukingo wa boksi, kimeziba neno la mwisho la jina la modeli. Safari hii kaandika 60 mm.