Kadi ya grafiki ya mtumba: ipi ninunue, na nitajuaje kama imechoka?

Kwa kompyuta ya gemu ya bajeti ndogo, mimi nazipanga kadi za mtumba hivi: RX 6600 kwanza, GTX 1660 Super ya pili, na RX 580 ya GB 8 mwisho. Sizipangi kwa kasi peke yake. Swali langu ni moja: kadi hii ingeweza kufanyishwa kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali kwa muda gani? Uchimbaji wa Ethereum kwa kadi za grafiki ulikoma Septemba 2022, ndipo wachimbaji wakaanza kuzimwaga sokoni.

RX 6600 ilitoka Oktoba 2021, kwa hiyo hata ikiwa ilichimba Ethereum, haikufikisha mwaka. Inakula wati 132 tu, na pawa saplai ya kawaida yenye waya wa pini 8 inaitosha. GTX 1660 Super ni ya 2019, ina GB 6, na huenda ilichimba karibu miaka mitatu, lakini ikipita vipimo naichukua bila wasiwasi. RX 580 ni ya 2017, inakula wati 185, na tangu mwishoni mwa 2023 AMD imezitenga draiva zake na zile za kadi mpya. Iwe rahisi kweli ndipo uifikirie.

Na GTX 1050 Ti? Hapo ndipo penye feki nyingi. Chipu ya zamani huandikwa upya programu yake ili ijitambulishe kwa jina hilo. Ukiona tundu la VGA nyuma yake, shtuka, maana familia hiyo ya chipu haitoi VGA yenyewe. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: ikitambua udanganyifu huo, huandika `[FAKE]` mwanzoni mwa jina.

Nenda na flashi yenye GPU-Z, pamoja na FurMark na OCCT, programu za kuitesa kadi ili ubovu uonekane. Kabla ya yote, angalia waya wa skrini umechomekwa wapi. Ukiwa kwenye mazabodi badala ya kadi, kila unachoonyeshwa hapo hakihusu kadi. Kisha zungusha feni kwa kidole kompyuta ikiwa imezimwa. Inayokwaruza au kuyumba itabidi ibadilishwe. Mulika tochi kando ya chipu pia. Utando wa dawa ya kuchomelea maana yake fundi ameshapita hapo. Kadi iliyopashwa moto ili ifufuke huweza kufanya kazi wiki chache, halafu ikafa tena ikiwa kwako.

Sasa washa FurMark dakika 15 huku GPU-Z inasoma joto. Linganisha joto la kawaida na lile la `Hot Spot`, yaani sehemu yenye moto zaidi ndani ya chipu. Tofauti ya nyuzi 15 au 20 hainishtui. Ikipita 30, pesti ya kupozea imekauka au kipoza joto hakijakaa sawa. Zima, iwashe tena ingali na moto, maana nyufa za risasi iliyochomelea chipu hupenda kujitokeza hapo. Malizia na kipimo cha `VRAM`, yaani memori ya kadi, ndani ya OCCT. Hapa hakuna makosa machache yanayovumilika. Ni sifuri, au unaondoka.

Mwaka jana nilitafuta 1660 Super Kariakoo. Muuzaji wa kwanza alikuwa ameshawasha gemu ya mpira, picha safi kabisa. "Kaka, hii haijawahi kuchimba, nilikuwa nachezea mwenyewe." Nikaomba dakika ishirini. Joto lilikuwa zuri, lakini OCCT ilipofika dakika ya saba ikahesabu makosa 14. Akasema programu yangu ndiyo mbovu. Tukarudia, makosa yakarudi. Gemu ile haikuwa inaijaza memori, ndiyo maana ubovu haukuonekana. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Kadi ya pili ilikuwa chafu, feni imejaa vumbi, na mwenyewe alikiri kwamba ilichimba. Joto 66, `Hot Spot` 97. Ukiangalia harakaharaka utaona hii ndiyo mbaya zaidi. Lakini memori ilipita bila kosa hata moja, na ilipozimwa na kuwashwa haikusumbua. Nikamwonyesha zile nyuzi 31, akapunguza bei ya pesti na ya kazi ya fundi. Nyumbani niliifungua, nikaifuta na kuipaka upya. `Hot Spot` ikashuka hadi 81.

Kwa vifaa vingine sina mengi. Prosesa na RAM za mtumba nanunua, SSD baada ya kuisoma kwa CrystalDiskInfo. Pawa saplai nanunua mpya, kwa sababu ikilipuka haifi peke yake.