Maji, ORS, dafu au enaji? Ununue nini kama unatoka jasho jingi mazoezini

Kama mazoezi yako hayafiki saa moja, nunua maji, basi, pesa nyingine weka mfukoni. Nasema hivi mapema kwa sababu unakuta mtu anapiga jogingi ya dakika 40 asubuhi, akimaliza tu anaenda dukani kuchukua chupa ya kinywaji cha michezo anasema "narudisha elektrolaiti", wakati ndani ya chupa ya nusu lita kuna sukari kama gramu 30, yaani vijiko vya chai karibu 7, na chumvi aliyopoteza ni kidogo kiasi kwamba chai na chapati za asubuhi zinairudisha zote. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, kwa saa moja haiishi, na chumvi nayo haiishi haraka hivyo. Dakika 90 mpirani bado maji yanatosha kwa watu wengi kama ulikula vizuri kabla.

Mambo yanabadilika ukipita saa moja na nusu mpaka mbili kwenye joto, na hapa naongelea hasa wale wanaojiandaa na mbio za Moshi za mwishoni mwa Februari huku wanafanya mazoezi Dar, maana Dar miezi hiyo hewa ina unyevu jasho halikauki, linachuruzika tu, mwili haupoi vizuri kwa hiyo unazidi kulitoa. Lita moja ya jasho kwa wastani inabeba sodiamu karibu gramu moja, ambayo ni kama gramu 2.5 za chumvi ya mezani. Lakini watu tunatofautiana sana hapo, mwingine anatoa nusu ya hiyo na mwingine mara mbili. Wa mara mbili utamjua: kofia nyeusi ikikauka ina michirizi mieupe, jasho linachoma macho, ukilamba mkono ni chumvi tupu. Na kama umetoka Arusha au Mbeya juzi tu, jasho lako litakuwa na chumvi zaidi kuliko la mwenyeji, baada ya wiki moja mpaka mbili za kuzoea joto mwili unaanza wenyewe kuibana chumvi.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote tafuta mzani. Jipime bila nguo kabla ya kukimbia na baada, jifute jasho kwanza. Tuseme jamaa ana kilo 72.0, amekimbia saa mbili, njiani amekunywa lita 1 na hajaenda haja ndogo, amerudi ana 70.4. Amepungua kilo 1.6, jumlisha ile lita aliyokunywa, jasho lake ni lita 2.6, yaani lita 1.3 kila saa. Kinachoangaliwa ni asilimia 2 ya uzito, ukipungua zaidi ya hapo kwenye joto kasi inashuka na moyo unakimbia kuliko kawaida. Asilimia 2 ya 72 ni kama kilo 1.4, huyu ameivuka kidogo, kwa hiyo safari nyingine anywe kama mililita 600 kwa saa badala ya 500. Hahitaji kurudisha lita zote 2.6 akiwa njiani, wala tumbo halitakubali. Ila sodiamu aliyopoteza ni kama gramu 2.6 na hiyo sasa ndo inafanya tuongelee cha kununua. Mzani ukionesha umetoka jasho nusu lita tu, huna haja ya kuendelea kusoma, rudi kwenye maji.

Namba moja kwangu kwa mbio za zaidi ya saa moja na nusu ni mchanganyiko wa nyumbani, na siusemi kwa sababu ni wa bei rahisi tu. Maji safi lita 1, sukari vijiko 4 vya chakula vilivyosawazishwa juu, chumvi robo kijiko cha chai nayo isawazishwe, kamulia ndimu. Hapo una sukari gramu 50 hivi na sodiamu karibu miligramu 580. Vinywaji vingi vya michezo vya dukani vina miligramu 400 na kitu kwa lita, kwa hiyo wa kwako umevipita kidogo. Yule jamaa wa kilo 72 akinywa mililita 600 kwa saa anapata sukari gramu 30, na kinachoshauriwa kwa mazoezi marefu ni gramu 30 mpaka 60 kwa saa, kwa hiyo yumo. Sukari na chumvi kuwa pamoja ni makusudi, utumbo mwembamba una mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja na maji yanafuata nyuma yao. Kosa la kawaida ni kuongeza sukari mpaka iwe tamu kama soda, ikizidi gramu 80 kwa lita tumbo linachelewa kuimwaga, unaanza kusikia maji yanacheza tumboni na kichefuchefu kilomita ya 15. Kosa lingine ni chumvi ya kukadiria kwa vidole, tumia kijiko jamani.

Namba mbili ni ORS ya duka la dawa, ile ile ya kuharisha. Fomula ya sasa ya Shirika la Afya Duniani ina chumvi gramu 2.6 na glukosi gramu 13.5 tu kwa lita, na sodiamu yake yote ikijumlishwa na ya sitreti, kiungo kingine cha humo, inafika kama miligramu 1,700. Ona tofauti, chumvi nyingi sukari kidogo, kwa hiyo ni nzuri kurudishia na ni mbovu kama chakula cha mbioni. Mi naiona ina kazi mbili: kwa mtu mwenye jasho la chumvi kweli kweli aitumie kwa zamu na maji njiani, na kwa aliyemaliza mbio ndefu ambaye jioni au kesho alfajiri anatakiwa kukimbia tena. Huyo wa pili anywe lita 1.5 kwa kila kilo iliyopungua, taratibu ndani ya masaa kadhaa, maana sehemu inatoka kwa mkojo. Kama hukimbii tena mpaka keshokutwa, bakuli la supu yenye chumvi, chapati na maji yanamaliza kazi yote bila kununua pakiti. Soma nyuma ya pakiti ni ya maji kiasi gani, zipo za lita moja na zipo ndogo, na usiichanganye kwenye maji pungufu ukidhani inakuwa kali ndo inafanya kazi, ikiwa nzito sana inavuta maji kuingia tumboni na unaweza kuharisha.

Namba tatu, chupa za kinywaji cha michezo. Aina hii ilianzia Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1965, daktari Robert Cade na wenzake waliwatengenezea wachezaji wa Gators, timu ya chuo hicho ya mpira wa Kimarekani, ndo jina Gatorade likatoka hapo, na walikuwa watu wanaovaa mavazi mazito wanacheza kwenye joto kali, sio mtu wa tredimili ndani ya jim yenye kiyoyozi. Kinafanya kazi, sina ugomvi nacho, ila unalipia zaidi vitu ambavyo viko jikoni kwako. Ukinunua geuza chupa uangalie kwa kila mililita 100: sukari iwe gramu 6 mpaka 8, sodiamu iwe angalau miligramu 40. Lebo zingine zinaandika chumvi badala ya sodiamu, gawanya kwa 2.5. Ambayo haikuandika sodiamu kabisa iache hapo hapo kwenye friji.

Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji viko karibu sawa na chupa na ni rahisi kubeba safarini, lakini angalia sana, maana kopo la vidonge vya vitamini C linafanana na la elektrolaiti, vyote vinatoa povu, vyote vina ladha ya chungwa, na cha vitamini hakikutengenezwa kurudisha chumvi ya jasho. Tafuta chenye sodiamu miligramu 300 hivi kwa kidonge cha nusu lita. Na kumbuka vingi havina sukari, kwa hiyo nishati utaitoa kwenye ndizi au tende.

Dafu napenda sana, nalinywa, ila watu wanalipa sifa isiyo yake. Lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, jasho ni kinyume chake, linatoa sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Baada ya mazoezi kunywa dafu pamoja na kitu cha chumvi, hata karanga zenye chumvi, hapo imekaa vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo aogope hiyo potasiamu, na mwenye presha, moyo au figo asianze mambo ya ORS na maji ya chumvi mpaka aongee na daktari wake.

Mwisho kabisa ni enaji. Sukari yake mara nyingi ni gramu 11 kwa mililita 100, nyingi kuliko inayofaa mbioni, ina gesi, ina kafeini, na haikutengenezwa kurudisha jasho. Ukiwa juani masaa mawili na umepungukiwa maji, moyo wako tayari unakwenda mbio. Isubiri siku nyingine.

Kuna kitu kimoja cha hatari kuliko kukosa chumvi njiani, nacho ni kunywa kupita kiasi. Kwenye Boston Marathon ya 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida, na waliokuwa kwenye hatari zaidi ni walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani walikunywa zaidi ya jasho walilotoa. Na kinywaji cha michezo hakikuokoi hapo, kwa sababu chenyewe kina sodiamu kidogo kuliko damu, ukikinywa kupita kiasi kinaizimua damu karibu sawa na maji. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba mpaka pete inabana, halafu mtu anaanza kuongea vitu visivyoeleweka. Mtu wa hivyo ambaye amekuwa akinywa kila meza ya maji na mzani unaonesha ameongezeka, usimwongezee maji hata kidogo, mpeleke kwa watu wa huduma ya kwanza waambie kabisa alikunywa kiasi gani, maana dripu ya kawaida ya kupunguza ukavu inaweza kumzidishia. Anayetembea mbio za masaa 6 yuko kwenye hatari hii kuliko anayekimbia masaa 3, jasho lake kwa saa ni kidogo na nafasi za kunywa ni nyingi, kwa hiyo yeye anywe akisikia kiu tu, hata kama meza ziko kila baada ya kilomita chache na watu wanamshangilia achukue kikombe.