Uzoefu wangu: kuchora karuseli kwenye karatasi kabla ya kuandika neno lolote

Kwa wale mnaotengeneza posti za kuswaipu Insta, hii ni rivyu ya njia ninayoitumia sasa kwa kila kazi, kuchora storibodi ya slaidi kwa penseli kwanza, kupanga mfuatano mpaka ukae sawa, ndo unaandika maneno. Mimi natengenezea posti wafanyabiashara wadogo huku Mbeya, wengi wa mazao na vyakula, nafanyia kazi kwenye Canva ya simu na kuna wakati laptop, kwahiyo nazungumzia mazingira hayo, sio ofisi kubwa yenye madizaina kumi.

Vifaa ni karatasi moja ya A4, penseli, ufutio na mkasi, basi. Kunja karatasi nusu, nusu tena, nusu tena, ukiifungua una vyumba 8. Kata. Kila kipande kina upana wa kama sentimita 7.4 na urefu 10.5. Sasa posti ya wima ya Insta ile ya 4:5 (1080 kwa 1350) kwa upana huo inahitaji urefu wa sentimita 9.25, kwahiyo chini inabaki kamkanda ka sentimita moja na kidogo. Pigia mstari hapo. Juu ya mstari ndo slaidi, na kale kamkanda ka chini ndo sehemu muhimu kuliko zote, ntakuja kuelezea. Kitu kingine kizuri, upana wa kadi hiyo unakaribia sana upana wa simu ya kawaida, kwahiyo herufi ukizichora kwenye kadi unaziona karibu kwa saizi atakayoziona mteja. Ukiishika umbali unaoshikia simu na kichwa cha habari hakisomeki, hata kwenye skrini hakitasomeka.

Kwenye kadi usiandike sentensi. Chora mchoro wa haraka, mkono, tunda, friji, chochote, na sehemu ya maandishi weka mistari ya mawimbi tu, mistari mitatu au minne mwisho. Nasisitiza hili kwasababu ukishaandika sentensi nzuri unaanza kuipenda, na ukiipenda hutaki kuitoa hata kama slaidi yenyewe haina kazi. Mstari wa mawimbi hakuna anayeuonea huruma, unaitupa kadi unachora nyingine, sekunde tu.

Sasa ule mkanda wa chini. Pale andika swali ambalo msomaji anabaki nalo akimaliza slaidi hiyo. Sio ujumbe wa slaidi, swali. Halafu angalia kadi inayofuata, je inalijibu? Kama inalijibu, mfuatano upo. Kama hailijibu, ama kadi imekaa sio mahali pake au kuna kadi inakosekana. Hiyo ndo njia nzima, mengine yote ni mbwembwe.

Ngoja niwape kazi moja nzima mwone. Kuna mama mmoja wa Tukuyu anauza maparachichi ya Hass, anatuma kwa basi mpaka Dar na Dodoma. Shida yake wateja wanafungua boksi wanakuta magumu, wanapiga simu wanalalamika wameuziwa mabichi, wengine wanayaweka friji siku hiyohiyo halafu hayaivi vizuri. Akanitumia voisi noti ndefu ya kuelezea anachotaka. Nikachora kadi kwa mpangilio wake alivyoongea: jalada, shamba lake la Rungwe, Hass haliivi likiwa mtini, usiweke friji likiwa gumu, liweke kwenye mfuko wa karatasi na ndizi mbivu, angalia rangi na ubonyeze, likishaiva ndo friji, agiza kwangu. Kadi 8. Kwa kusikiliza inaonekana imenyooka kabisa.

Nikazipanga mezani nikajaza mikanda. Jalada lilikuwa na mchoro wa mkono umeshika parachichi gumu, swali chini: je hili limeharibika, nimeibiwa? Kadi inayofuata: shamba. Hapo hapo unaona, mtu ana parachichi gumu mkononi na hela yake imeenda, wewe unamwonyesha miti. Na slaidi ya pili sio ya kuchezea, Insta ina tabia ya kumrudishia mtu posti ileile ikianzia slaidi ya pili kama mara ya kwanza alipita bila kuswaipu, yaani ile ya pili inafanya kazi kama jalada la akiba. Shamba likatoka pale. Sikulitupa, mama analipenda shamba lake na ana haki, nikalichora kama picha ya nyuma kwenye kadi ya mwisho ya kuagiza, pale msomaji anapojiuliza haya yanatoka wapi na nayapataje.

Nafasi ya pili ikachukuliwa na kadi ya haliivi mtini, maana ndo inajibu swali la jalada moja kwa moja: hujaibiwa, Hass linachumwa likiwa limekomaa ila gumu, na linaiva baada ya kuchumwa. Swali linalofuata: sasa nifanye nini? Hapo nikataka kuweka mfuko na ndizi, lakini ukumbuke wengi wameshaliweka friji, kwahiyo kadi ya friji ikatangulia (litoe, baridi inachelewesha kuiva), ndo ikaja ya mfuko. Ndizi mbivu inatoa gesi ya ethilini, mfuko unaizuia isipotee, parachichi linaiva haraka zaidi.

Kilichonifurahisha zaidi ni ile kadi ya rangi na kubonyeza. Nilipojaribu kuichora haikuingia, michoro miwili kwenye kisanduku kimoja inabanana. Karatasi ikikugomea hivyo inakwambia hiyo ni slaidi mbili, na nafasi ilikuwepo kwasababu shamba limeshahama, nikaikata. Nikaweka kubonyeza kwanza, rangi baadae. Halafu nikampa jirani yangu fundi cherehani lile rundo la kadi aangalie moja moja kama anaswaipu, na kila kadi aniambie anategemea nini kinafuata. Namna ya kujaribu ndo hiyo, usimuulize kama ni nzuri maana atasema nzuri, muulize nini kinafuata. Alipofika kwenye kubonyeza akasema, "Dada, kwahiyo nabonyeza kila siku? Si litachubuka?" Na kweli, parachichi likiminywaminywa ndani linaweka madoa meusi. Nikazigeuza zile mbili palepale mbele yake: kwanza macho, Hass likianza kutoka kijani kwenda zambarau nyeusi ndo uanze kubonyeza, taratibu, karibu na kikonyo. Akaswaipu tena hakuuliza kitu. Kwenye simu kuzihamisha slaidi mbili zenye dizaini iliyokamilika inawezekana ndio, ila mtu haoni haja kwasababu tayari zinapendeza.

Jambo lingine lililotoka pale mezani, mama alikuwa ametaja idadi ya siku za kusubiri. Fundi akauliza, siku hizo ni za huku au za Dar? Mimi sikuwa nimelifikiria hilo ila ni swali la msingi sana, Tukuyu kuna baridi, Dar kuna joto, tunda hilohilo Dar linaiva mapema zaidi. Wateja wako Dar. Siku zikafutwa, vipimo vikabaki rangi na kubonyeza, ambavyo vinafanya kazi popote. Kama ile namba ingekuwa imeshaandikwa kwa fonti kubwa ya kijani kwenye slaidi, nina hakika kuitoa ingekuwa vita.

Mfuatano wa mwisho ukawa: jalada, haliivi mtini, toa friji, mfuko na ndizi, rangi, bonyeza, sasa weka friji, agiza. Angalia friji imetokea mara mbili na maelekezo yanapingana, toa halafu weka. Kwenye karatasi nilichora friji ileile ya umbo moja sehemu zote mbili, ya kwanza ina parachichi gumu na alama ya mkasi, ya pili lililoiva na alama ya vema, ili msomaji aone ni kanuni moja yenye wakati wake. Hilo nisingeliona bila kadi zote kuwa wazi mezani kwa pamoja, kwenye skrini ya simu unaona slaidi moja, au vijipicha vidogo visivyosomeka.

Ndo baada ya hapo maneno. Na maneno yalikuja haraka mno, kwasababu kila slaidi ilishajua inajibu swali gani. Pale yalipozidi mistari minne niliyochora nilikata maneno, sikupunguza fonti. Kiswahili chetu kina maneno marefu, "yatakapokuwa yameshaiva" limekula mstari mzima, likawa "yakiiva".

Mapungufu yapo. Penseli haionyeshi rangi, na kwenye kazi hii rangi ilikuwa ndo ujumbe, ilibidi niandike pembeni "kijani" na "nyeusi" na nikaomba picha halisi mapema, bila hivyo ile kadi inakudanganya kwamba iko sawa. Pia kama slaidi zako hazina mfuatano, mfano bei za bidhaa nane, usijisumbue. Jaribu kubadilishana kadi yoyote na nyingine, kama hakuna kinachoharibika hiyo ni orodha tu, ingia Canva moja kwa moja, weka bidhaa inayouza zaidi mbele. Na mteja usimtumie picha ya kadi WhatsApp bila kumwelezea, ataona michoro ya mtoto na atapata wasiwasi na hela yake, kaa naye mezani au mpigie simu ya video umpitishe kadi moja moja.

Tukiwa kwenye WhatsApp, posti nyingi huku zinaishia kwenye magrupu. Ukituma picha nane kwa mpigo zinakaa kama albamu, zinaonekana nne za kwanza na ile ya nne ina alama ya kujumlisha. Kwahiyo kabla sijafunga mpangilio natenga kadi nne za mwanzo, naangalia kama mtu akiishia hapo ameondoka na kitu. Kwenye hii ya parachichi nne za kwanza zinaishia kwenye mfuko na ndizi, yaani asipofungua zilizobaki tayari anajua la kufanya na boksi lake. Na kila kadi naipa namba kwenye kona, mtu akiforwadi slaidi moja peke yake anayepokea aone kuna nyingine.

Napiga picha mpangilio mzima ukiwa mezani, naiweka simu pembeni, ndo nafungua Canva. Kadi zenyewe nafunga na rababendi na jina la kazi juu, kwasababu mama wa Tukuyu ameshaniambia anataka nyingine ya kuelezea tofauti ya Hass na Fuerte, ambalo lenyewe linabaki kijani hata likiiva, na kadi ya rangi pale itabidi ihamie mbele kabisa.