Nilinunua Things Fall Apart iliyochanwa karatasi ya mbele: uzoefu wangu

Riwaya hii ya Chinua Achebe wa Nigeria nilikinunua kitabu chake Posta, kwa jamaa wanaotandaza vitabu vya mitumba kando ya njia, kwa shilingi 5,000. Nilimuuliza muuzaji kama kurasa zimetimia. Akanijibu, "Dada, hadithi yote imo." Kweli ilikuwemo. Kilichokosekana ni karatasi moja ya mbele, imechanwa mpaka kwenye mshono, nami sikujali. Nikakisoma kwenye daladala za Mbagala kwa wiki mbili, nikamaliza, nikakipenda. Baadaye binamu yangu akaniazima nakala yake nzima, nikaiona mistari minne iliyokuwa kwenye karatasi ile. Nikarudia kitabu kizima. Kama hujakisoma na hutaki kujua mwisho wake, ishia hapa.

Mistari hiyo ni ya Yeats, mshairi wa Ayalandi, aliyelitunga shairi lake mwaka 1919, Ulaya ikiwa imetoka vitani. Kipanga anazunguka angani, duara linazidi kupanuka, mpaka hasikii tena mwito wa anayemfuga. Vitu vinasambaratika, kitovu hakina nguvu ya kuvishika, fujo tupu inafunguliwa duniani. Kutoka mstari wa tatu Achebe akachukua jina la riwaya yake ya mwaka 1958.

Tazama kwamba shairi halimtaji mkosaji. Hakuna aliyemrushia kipanga jiwe. Amepotea kwa kuzunguka kwake mwenyewe. Nilipokuwa sina karatasi ile, nililisoma jina la kitabu kama shtaka: wazungu wamekuja, wamevunja. Nilipoipata, nikaanza kutafuta nyufa za kabla yao, na zimejaa. Mapacha wanatupwa msituni. Ikemefuna, mvulana anayelelewa nyumbani kwa Okonkwo, mhusika mkuu, anamkimbilia mtu huyu anayemwita baba, na Okonkwo huyohuyo anamkata kwa panga kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Usiku ule kitu kinakatika ndani ya Nwoye, mwanawe, na ndiye atakayewafuata wamisionari. Riwaya ina sehemu tatu, na wazungu wenyewe hawafiki mpaka ya pili.

Halafu, sura ya 20, Obierika anamwambia Okonkwo, rafiki yake, kwamba mzungu ametia kisu kwenye vitu vilivyotushikanisha, nasi tumesambaratika. Jina la kitabu limetoka kinywani mwa mtu wa Umuofia, kijiji cha Okonkwo, na sasa kuna kisu na mkono ulioshika kisu. Yeats anasema vimesambaratika. Obierika anamtaja aliyefanya. Kwangu mimi mwandishi hachagui kati yao.

Mwisho unayajibu maelezo hayo yote mawili kwenye mkutano mmoja wa kijiji. Matarishi wa serikali wanakuja kuuzuia. Panga la Okonkwo linashuka mara mbili, mkubwa wao amekufa, na watu wanawaacha wale wengine watoroke. Okonkwo anasikia sauti zikiuliza kwa nini amefanya vile. Anafuta panga lake mchangani, anaondoka. Mara ya kwanza nilidhani yeye ndiye anayeita na kijiji ndicho kipanga kisichosikia. Sasa naona kinyume. Yeye ndiye aliyezunguka mbali, miaka saba uhamishoni Mbanta, kijijini kwa mama yake, akarudi na masikio ya zamani.

Kisha anajinyonga, na ndugu zake hawaruhusiwi na mila hata kumgusa. Wanaomba wageni wamteremshe na kumzika. Baba yake, Unoka, naye hakupata kaburi. Alipovimba mwili alipelekwa Msitu Mwovu akaachwa huko. Okonkwo alitumia maisha yake yote kukimbia kufanana na mtu huyo.

Lakini jibu lililonishika ni aya ya mwisho kabisa. Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kizungu, anaondoka akiwaza kitabu anachokiandika. Huyu mtu aliyejinyonga angetosha sura moja. Hapana, labda aya moja ya kuridhisha. Jina la kitabu chake ameshalipata: habari za kuwatuliza washenzi wa Niger ya Chini. Riwaya inafungwa kwa jina la kitabu kingine. Ulianza na jina linalosema jamii imesambaratika, unamaliza na jina linaloita jambo hilohilo utulivu.

Ndiyo maana nalipenda pia jina la tafsiri yetu, Shujaa Okonkwo, aliyoifanya Clement Ndulute mwaka 1973. Kusambaratika kumetoka kwenye jalada, na hiyo ni hasara ya kweli, kwa kuwa msomaji anaahidiwa mtu badala ya jamii. Ila ukifika mwisho, mtu aliyepangiwa aya moja na Bwana DC amepewa jalada zima.

Mkinunua mitumba, fungueni karatasi za mbele kwanza, zihesabuni mpaka sura ya kwanza. Yangu sikuirudisha. Nimeinakili mistari ile minne kwa kalamu ndani ya jalada, pale karatasi ilipochanwa.